Umbali wa taswira: v = uf/(u − f) inatoka wapi, na inakuambia nini

*“Mwalimu, niko kidato cha tano hapa Tororo. Tulikuwa na lenzi mbinuko yenye urefu wa fokasi wa sm 15, na balbu tukaiweka sm 20 mbele yake. Kutoka 1/f = 1/u + 1/v niligeuza kila sehemu juu chini nikapata v = f − u, yaani −5, lakini taswira tuliiona kwa macho kwenye skrini, tena mbali. Mwenzangu anasema v = uf/(u − f). Yake imetoka wapi? Na mbona nikiweka u = 15 kikokotoo kinaandika Math ERROR?”*

Ndugu mwanafunzi, mwenzako yuko sahihi, na ni vizuri kwamba uliiamini skrini kuliko jibu lililotoka kwenye karatasi, kwa sababu taswira inayopokelewa na skrini ni taswira halisi, na umbali wake hauwezi kuwa hasi.

Kosa lako liko mahali pamoja tu, nalo ni pale ulipogeuza kila sehemu peke yake. Usawa ukiwa na sehemu moja tu kila upande, unaruhusiwa kugeuza pande zote mbili juu chini: kama 1/v ni sawa na 1/60, basi v ni 60. Lakini upande mmoja ukiwa na sehemu mbili zinazojumlishwa au kutolewa, huwezi kuzigeuza mojamoja. Jaribu kwa namba ambazo huna shaka nazo. Nusu ukiijumlisha na nusu unapata 1, na 1 ukiigeuza inabaki 1. Lakini ukizigeuza nusu hizo kwanza, kila moja inakuwa 2, na jumla yake ni 4. Kwa hiyo sehemu hujumlishwa au kutolewa kwanza mpaka ibaki moja, ndipo hugeuzwa.

Tuifanye hivyo kwa namba zako. Hapa f ni urefu wa fokasi, u ni umbali wa balbu kutoka kwenye lenzi na v ni umbali wa taswira. Ukihamisha 1/u unabaki na 1/v = 1/f − 1/u, yaani

1/v = 1/15 − 1/20

na kigawe kidogo cha shirika cha 15 na 20 ni 60, hivyo upande wa kulia unakuwa 4/60 − 3/60, yaani 1/60. Sasa pande zote mbili zina sehemu mojamoja, tunazigeuza, na v ni sm 60. Naamini ndipo mlipoipata taswira yenu, au karibu na hapo.

Hatua hizo hizo zikiandikwa kwa herufi ndizo zinazozaa usemi wa mwenzako. Kwa kuwa hatujui namba, asili ya pamoja tunayoweza kuitumia kwa hakika ni zao la u na f. Sehemu 1/f tunaizidisha juu na chini kwa u, na sehemu 1/u tunaizidisha juu na chini kwa f:

1/v = u/(uf) − f/(uf) = (u − f)/(uf)

Ukigeuza pande zote mbili unapata

v = uf/(u − f)

Angalia kwa makini ni kipi kinatolewa katika kipi. Herufi u imekuja kwanza katika asili kwa sababu ilitoka kwenye 1/f, iliyokuwa ya kwanza katika utoaji. Wengi huandika f − u hapo chini kwa haraka, na jibu linatoka na ukubwa sahihi lakini alama yake imepinduka, kosa ambalo ni gumu kuligundua kwa sababu namba yenyewe inafanana na ile iliyotarajiwa.

Kuna njia ya pili, nayo naipenda zaidi kwa sababu inaonyesha wazi pale ambapo jambo linaweza kuharibika. Zidisha kila kipande cha mlinganyo wa mwanzo kwa fuv, ili sehemu zote ziondoke kwa mara moja:

uv = fv + fu

Hapa wanafunzi wengi hukwama. Wanagawanya kwa u na kuandika v = (fv + fu)/u, kisha wanaona wamemaliza kwa kuwa v iko peke yake upande wa kushoto. Hawajamaliza, kwa sababu v ingali upande wa kulia pia, na huwezi kuitumia ikiwa bado huijui. Dawa yake ni kukusanya kila kilicho na v upande mmoja kabla ya kugawanya chochote:

uv − fv = fu

Kisha v inatolewa nje ya mabano, kwa kuwa ni kigawo cha vipande vyote viwili:

v(u − f) = fu

Na sasa tu ndipo tunagawanya kwa (u − f). Kugawanya huko kuna sharti lake: hakuna anayeruhusiwa kugawanya kwa sifuri, kwa hiyo mstari wa mwisho ni halali kwa kila u isipokuwa u iliyo sawa na f. Hapo ndipo kikokotoo chako kilipogoma, nacho hakikukosea. Ukiweka u = 15 na f = 15 katika mstari ule wa mabano unapata v × 0 = 225, na hakuna namba yoyote duniani ambayo ukiizidisha kwa sifuri itakupa 225. Mlinganyo hauna jibu, si kwamba jibu limefichika.

Jambo hili unaweza kuliona mezani. Weka balbu sm 15 kamili kutoka kwenye lenzi, kisha sogeza skrini taratibu kuelekea ukutani. Utaona duara la mwanga ambalo halikazi wala kutoa sura ya nyaya za balbu mahali popote, na ukubwa wake unabadilika kidogo sana, kwa kuwa miale inayotoka katika kila nukta ya balbu inatoka upande wa pili ikiwa sambamba. Miale iliyo sambamba haikutani, na pasipokutana miale hakuna taswira. Wapo wanaoandika kwamba taswira iko kwenye umbali usio na mwisho, na kwa mazungumzo inatosha, mradi usiiweke hiyo kama namba katika hesabu inayofuata.

Kinachotokea jirani ya hapo ndicho kinachostahili kutazamwa kwa utulivu. Ukiweka balbu kwenye sm 16, kiasi ni 240 na asili ni 1, hivyo taswira iko sm 240. Kwenye sm 15.5 iko sm 465. Kwenye sm 15.1, asili imebaki 0.1 peke yake, na umbali wa taswira ni sm 2265, yaani mita 22 na zaidi, ambao kwa maabara nyingi unapita ukuta. Sasa vuka mpaka kidogo tu, uweke balbu kwenye sm 14.9. Kiasi ni 223.5, asili ni −0.1, na v inakuwa −2235. Balbu imesogea milimita mbili, na jibu limeruka kutoka mita 22 upande mmoja wa lenzi hadi mita 22 upande mwingine. Alama hasi hapa ina maana yake: taswira si halisi tena, haipokelewi na skrini, bali huonekana na anayechungulia kupitia lenzi kama kitu kilicho nyuma ya balbu. Ndiyo kazi ya lenzi ya kukuzia maandishi, ambayo hushikwa karibu na karatasi kuliko urefu wa fokasi wake.

Mruko huo unatisha ukitazama v, lakini hautishi hata kidogo ukitazama 1/v. Kwenye sm 15.1 thamani ya 1/v ni chanya ndogo mno, kwenye 15 ni sifuri, na kwenye 14.9 ni hasi ndogo mno. Imepita katikati bila kuruka. Mruko uliletwa na kitendo cha kugeuza, kwa sababu sifuri haigeuziki. Ndiyo maana mafundi wa miwani hufanya hesabu zao kwa dayopta, ambayo ni 1 kugawanya kwa urefu wa fokasi uliopimwa kwa mita: lenzi yenu ya sm 15 ina nguvu ya dayopta 6.67 hivi, na nguvu za lenzi mbili nyembamba zilizogusana hujumlishwa moja kwa moja bila kugeuza chochote.

Turudi kwenye usemi wenyewe, kwa maana bado una jambo ambalo umbo lake la sasa linalificha. Kiasi uf na asili u − f vyote vina u ya daraja la kwanza, hivyo unaweza kugawanya kimoja kwa kingine kama unavyogawanya namba na kupata kilichobaki. Andika uf kama f(u − f) + f², jambo ambalo unaweza kulihakiki kwa kufungua mabano, kisha gawanya kila kipande kwa u − f:

v = f + f²/(u − f)

Ni usemi ule ule, lakini sasa unasomeka. Kipande cha kwanza hakibadiliki. Kipande cha pili ni kile kinachoongezwa juu ya f, nacho hupungua kadiri kitu kinavyokwenda mbali, lakini hakifiki sifuri kamwe. Kwa hiyo kitu kilicho mbali kuliko fokasi kitatoa taswira iliyo mbali kuliko fokasi pia, bila ubaguzi. Ukipata v ndogo kuliko f wakati u ni kubwa kuliko f, rudi nyuma ukatafute kosa.

Wewe uko Tororo, basi chukua ule mwamba mkubwa ulio juu ya mji. Simama kama kilomita mbili kutoka kwake na uangushe taswira yake kwenye karatasi nyeupe kwa lenzi hiyo hiyo. Umbali u ni sm 200,000, na kinachoongezwa juu ya f ni 225 kugawanya kwa 199,985, yaani takribani sm 0.001, sawa na sehemu ya mia moja ya milimita. Rula yako haiwezi kuona tofauti hiyo, kwa hiyo umbali kati ya lenzi na karatasi ndio urefu wa fokasi. Hii ndiyo sababu mwalimu wa maabara hukuambia ukadirie f kwa kutumia kitu cha mbali kabla ya kuanza zoezi. Lakini wengi huelekeza lenzi kwenye fremu ya dirisha la maabara badala ya mti au jengo lililo nje kabisa. Kama dirisha liko mita 5, yaani sm 500, kinachoongezwa ni 225 kugawanya kwa 485, karibu sm 0.46, na mwanafunzi ataandika 15.5 mahali palipostahili 15. Makadirio hayo yakishaingia kwenye hesabu zinazofuata, kila safu ya jedwali inabeba kosa lake.

Na kanuni yako ya v = f − u ingesema nini kuhusu mwamba? Ingesema taswira iko kilomita mbili upande ule ule wa mwamba, wakati karatasi mkononi mwako inaonyesha mwamba uliopinduka ukiwa sm 15 tu nyuma ya lenzi. Nakushauri ujizoeze kuweka thamani kubwa sana ya u katika kila usemi unaoupata, kwa sababu ukaguzi wa vizio hautakusaidia dhidi ya kosa hili: f − u ni sentimita, na uf/(u − f) nayo ni sentimita za mraba kugawanya kwa sentimita, yaani sentimita. Ukaguzi wa vizio utakusaidia tu pale unaposahau kugeuza mwishoni na kuandika 1/60, yaani 0.0167, kana kwamba ndiyo v.

Sasa nikupeleke mahali ambapo usemi huu unaamua ubora wa vipimo vyenu, kwa kuwa nadhani swali lako lilizaliwa kwenye zoezi la vitendo. Chukua v = f + f²/(u − f) na ujiulize: nikikosea milimita moja katika kupima u, v inabadilika kiasi gani? Kwa u = 20, v ni 60. Kwa u = 20.1, v ni 301.5 kugawanya kwa 5.1, yaani 59.12. Kwa u = 19.9, v ni 298.5 kugawanya kwa 4.9, yaani 60.92. Milimita moja ya balbu imezaa karibu milimita tisa za skrini. Kwa u = 30, ambapo v nayo ni 30, milimita moja inazaa milimita moja. Kwa u = 60, v ni 20, na milimita moja ya balbu inasogeza taswira kwa sehemu moja ya tisa ya milimita, ambayo macho hayaioni.

Namba hizo hazikutokea kwa bahati. Ukuzaji wa taswira ni v/u, na ukiweka uf/(u − f) mahali pa v, u inakatana na u, na ukuzaji unabaki f/(u − f). Kwa u = 20 ni 15/5, yaani mara 3, na mraba wa 3 ni 9. Wanaosoma kalkulasi wataona kwamba kasi ya v kubadilika kulingana na u ni −f²/(u − f)², ambayo ni mraba wa ukuzaji ukiwa na alama ya kutoa, kwa sababu v hupungua u inapoongezeka. Asili ile ile, u − f, ndiyo inayotawala umbali, ukubwa na unyeti wa kipimo kwa pamoja. Ikiwa ndogo, vyote vitatu vinakua.

Kwa hiyo mkiona kwamba kwenye sm 20 kundi moja limeandika 58.5, jingine 60 na jingine 61.2, msifikiri mara moja kwamba mlinganyo umeshindwa. Tazameni kwanza u ilipimwa kutoka wapi. Nimewaona wanafunzi wakipima kutoka ukingo wa mbele wa kishikio cha lenzi badala ya mstari wa katikati ya lenzi yenyewe, na milimita mbili tatu zilizopotea hapo zinatosha kabisa kueleza tofauti hizo. Wengine hupima kutoka kwenye kioo cha mbele cha balbu, ilhali kinachong’aa ni uzi ulio ndani. Kwa sababu hiyo ni bora kuweka mbele ya balbu kadibodi yenye tundu na nyaya mbili zilizopishana, mkapima kutoka kwenye nyaya, na nyaya hizo ndizo mnazotafuta ukali wake kwenye skrini.

Jambo jingine ambalo mara nyingi halielezwi ni kwa nini zoezi hili halikuruhusu kutumia u yoyote unayotaka. Ukijumlisha umbali wote kutoka kwenye balbu hadi kwenye skrini, yaani u + v, na ukaweka usemi wetu mahali pa v, sehemu mbili zinaungana na kuwa moja:

u + v = u²/(u − f)

Kwa u = 20 inatoka 400/5, yaani 80, ambayo ni 20 na 60 kama inavyopaswa. Sasa, tuseme mnatumia rula ya mita moja, na balbu iko mwanzo wa rula na skrini mwisho wake. Weka u²/(u − 15) sawa na 100, zidisha pande zote kwa u − 15, na utapata u² − 100u + 1500 = 0, ambayo majibu yake ni 18.4 na 81.6 kwa kukadiria. Maana yake ni kwamba ukiisogeza lenzi karibu na balbu kuliko sm 18.4, taswira inatoka nje ya rula upande wa skrini, na ukiipeleka mbali kuliko sm 81.6, rula haitoshi tena. Na ukidai skrini iwe karibu mno na balbu, tuseme sm 50, mlinganyo u² − 50u + 750 = 0 hauna jibu halisi, kwa sababu 2500 ukitoa 3000 unapata hasi chini ya kipeuo. Mpaka wenyewe ni mara nne ya urefu wa fokasi, sm 60 kwa lenzi yenu, ambapo lenzi hukaa katikati kabisa. Anayesogeza lenzi huku na huku kati ya balbu na skrini zilizoachana sm 55, akingoja taswira ya lenzi ya sm 15, atangoja bure.

Ule mstari wa katikati, uv = fv + fu, nao usiutupe. Uandike kama uv = f(u + v), na utaelewa kwa nini katika mazoezi ya vitendo huwa mnaombwa mjaze safu za uv na u + v, kisha mchore grafu ya ya kwanza dhidi ya ya pili. Grafu ya v dhidi ya u ni mkunjo ambao ni shida kusoma kitu juu yake, lakini hii ni mstari ulionyooka unaoelekea kwenye sifuri, na mteremko wake ni f. Kwa u = 20 una 1200 na 80; kwa u = 25, v ni 37.5, na una 937.5 na 62.5; kwa u = 30 una 900 na 60. Gawanya kila jozi na utapata 15 katika zote tatu. Tanbihi moja tu: kwa u = 60 na v = 20 utapata tena 1200 na 80, kwa sababu u na v zinabadilishana nafasi bila mlinganyo kujali, kwa hiyo nukta mbili zikiangukiana kwenye grafu hujakosea.

Kuhusu kikokotoo, kuna mtego mwingine usiohusiana na u = f. Ukibonyeza 20 × 15 ÷ 20 − 15 bila mabano, utapata 0, na utapata 0 kwa kila thamani ya u utakayoweka, kwa sababu kikokotoo kinagawanya kwa u kwanza, kinabaki na f, kisha kinatoa f. Asili yote lazima iwe ndani ya mabano:

```
20×15÷(20−15)
(15⁻¹−20⁻¹)⁻¹
```

Mstari wa pili unatumia kitufe cha x⁻¹ na unafuata mlinganyo wa mwanzo moja kwa moja. Yote miwili inatoa 60, nami huwashauri wanafunzi waitumie yote miwili, kila mmoja ukiukagua mwenzake.

Limebaki suala la alama, ambalo lazima ulijue kabla ya kutumia usemi huu kwa lenzi nyingine. Kila nilichoandika hapa kinafuata kanuni ya “halisi ni chanya”, ambayo mlinganyo wako wenye alama ya kujumlisha unaidai: umbali wa kitu halisi na wa taswira halisi ni chanya, wa taswira isiyo halisi ni hasi, f ya lenzi mbinuko ni chanya na ya lenzi mbonyeo ni hasi. Weka lenzi mbonyeo ya sm 15 mahali pa ile yenu, yaani f = −15, na usemi unakuwa v = −15u/(u + 15). Asili sasa ni jumla, haiwezi kuwa sifuri kwa u yoyote chanya, na v ni hasi daima. Kwa u = 20 ni −300/35, yaani −8.57. Ndiyo sababu lenzi mbonyeo haitoi taswira kwenye skrini hata uisogeze balbu wapi, na kikokotoo hakitagoma hata mara moja.

Lakini ukifungua vitabu vya shule vya India, au video zinazofuata vitabu hivyo, utakuta 1/v − 1/u = 1/f, na ukiupanga upya utapata v = uf/(u + f). Hapo umbali hupimwa kutoka kwenye lenzi, na wa kuelekea upande mwanga unakotoka ni hasi, hivyo balbu yenu ina u = −20. Weka namba: kiasi ni −300, asili ni −5, na v ni 60. Taswira ni ile ile, mahali ni pale pale. Kinachoharibu ni kuchukua usemi wa kanuni moja na kuujaza alama za kanuni nyingine: ukiweka u = 20 chanya katika v = uf/(u + f) utapata 300/35, yaani 8.57, namba ambayo ni ndogo kuliko f wakati u ni kubwa kuliko f, na tayari unajua kwamba kwa lenzi mbinuko hilo haliwezekani.